Mlinzi wa nyumba zisizo na mabati: bajeti ya nyongeza na bajeti inayoanzia sifuri

Swali: "Linganisha bajeti ya nyongeza na bajeti inayoanzia sifuri, kisha ishauri kampuni ya mkonge yenye mashamba, kiwanda na ofisi itumie ipi. (Alama 10)"

Wanafunzi wengi ninaowafundisha jioni hapa Chumbageni, Tanga, hulijibu kwa jedwali la safu mbili, faida huku na hasara kule. Nikisahihisha, jedwali hilo silipi zaidi ya alama tano hata likiwa safi, kwa sababu nusu ya pili ya swali haijaguswa. Mashamba, kiwanda na ofisi hazitumii fedha kwa namna moja. Anayeliona hilo ameshapata njia ya kujibu.

Tuibuni kampuni yenyewe upande wa Muheza, na tuchukue gharama moja tu: ulinzi. Kampuni ya ulinzi inatoza kwa lindo, shilingi 450,000 kwa mwezi kwa lindo moja la saa kumi na mbili. Kuna sehemu nne zinazolindwa mchana na usiku: lango kuu, ghala la singa, yaani nyuzi za mkonge, karakana, na nyumba za zamani za manamba, vibarua wa mashambani. Hayo ni malindo manane, yaani shilingi milioni 43.2 kwa mwaka.

Kwa bajeti ya nyongeza, mhasibu huanza na milioni 43.2, akaongeza, tuseme, asilimia 5 kwa kupanda kwa bei, akaandika milioni 45.36. Ni kazi ya dakika tano na haigombanishi watu. Mkuu wa ulinzi anajua mwakani atakuwa na nini, mkandarasi anajua atalipwa, na mkurugenzi anaweza kulinganisha mwaka huu na uliopita bila kuuliza maswali mengi. Wanafunzi huidharau njia hii kupita kiasi. Mahali ambapo kazi haibadiliki sana, mwaka uliopita ndio ushahidi bora tulio nao kuhusu mwaka ujao.

Kasoro yake ni kwamba haiulizi mlinzi analinda nini. Katika mfano wetu, nyumba za manamba hazina mtu tangu zamani. Mabati yameshang'olewa na milango imeshakwenda, zimebaki kuta na majani. Lakini malindo mawili yapo pale, mchana na usiku, kwa milioni 10.8 kwa mwaka, na kila mwaka yanaongezewa asilimia 5 kama mengine. Hakuna aliyeiba wala aliyedanganya. Fedha zimeingia ndani ya kianzio, yaani kiasi cha mwaka jana ambacho bajeti huanzia, na kilichomo ndani ya kianzio hakijadiliwi tena.

Hata matumizi ya mara moja hujificha humo. Masika yakibomoa daraja la shambani likajengwa kwa milioni 8, mhasibu asipoziondoa kabla ya kuongeza asilimia, mwakani zinakuwa milioni 8.4 na mwaka unaofuata milioni 8.82, ilhali daraja limesimama. Hapo kosa ni la mhasibu zaidi kuliko la njia. Bajeti ya nyongeza ikiandaliwa vizuri huanza kwa kusafisha kianzio: matumizi yasiyojirudia yanatolewa, mabadiliko yanayojulikana yanaingizwa, ndipo asilimia inafuata. Mwanafunzi anayeandika kwamba njia hii ni "mwaka jana jumlisha mfumuko wa bei" ameeleza uvivu wa mtu, hajaeleza njia.

Sasa tuupitishe ulinzi huohuo kwenye sifuri. Njia hii inahusishwa zaidi na Peter Pyhrr, aliyeisimamia katika kampuni ya Texas Instruments ya Marekani mwishoni mwa miaka ya 1960. Inaanza kwa kukigawa chombo kizima katika vitengo vya uamuzi, yaani shughuli ambazo zinaweza kuachwa au kubadilishwa peke yake. Ulinzi ni kitengo kimoja. Mkuu wake haruhusiwi kusema "mwaka jana tulitumia". Anatakiwa aandike vifurushi vya uamuzi, na kila kifurushi kieleze kazi itakayofanyika, gharama yake, njia nyingine ya kuifanya, na kitakachotokea isipofanyika.

Kifurushi cha kwanza ni kiwango cha chini kabisa, ambacho chini yake ni heri kuifuta shughuli yote. Kwetu ni lango mchana na usiku pamoja na ghala la singa usiku: malindo matatu, milioni 16.2. Juu yake unawekwa ulinzi wa karakana usiku, milioni 5.4, kwa sababu humo mna dizeli na vipuri. Cha tatu ni ghala mchana, milioni 5.4 nyingine, ila hapa swali la njia nyingine linauma: mchana mtunza ghala yupo na funguo anazo yeye. Cha mwisho kinabeba karakana mchana, wakati mafundi wenyewe wamejaa humo, pamoja na zile nyumba za manamba mchana na usiku, milioni 16.2. Ukivijumlisha vyote unarudi kwenye milioni 43.2 ileile.

Kinachofuata ni kuvipanga. Vifurushi vya ulinzi vinawekwa kwenye foleni moja na vya usafiri, kantini, mafunzo na ofisi, kuanzia kisichoepukika hadi kinachoweza kusubiri. Uongozi unashuka na foleni hiyo mpaka fedha ziishe, kisha unapiga mstari. Kwa vyovyote mstari utapita juu ya zile kuta zisizo na mabati. Labda utapita pia juu ya ghala mchana. Ulinzi ukiachiwa vifurushi viwili vya kwanza, umebaki na milioni 21.6, nusu kamili ya kianzio.

Niseme hapa jambo linalowakosesha wengi alama. Kuanzia sifuri hakumaanishi kutupa takwimu za mwaka jana. Bei ya lindo tumeitoa wapi kama si kwenye ankara za zamani? Kinachoanza sifuri ni haki ya kutumia fedha. Taarifa zinabaki.

Mpaka hapa njia ya pili inaonekana imeshinda. Lakini mfano wangu ni wa kitengo kimoja chenye vifurushi vinne, na mkurugenzi amevisoma akinywa chai. Kampuni nzima ingekuwa na mamia. Jimbo la Georgia lilipoichukua njia hii chini ya gavana Jimmy Carter, mwanzoni mwa miaka ya 1970, vifurushi vilizidi 10,000. Gavana akikipa kila kimoja dakika moja tu, ni saa 167, karibu mwezi mzima wa kazi bila kufanya jingine. Carter alipokuwa rais aliipeleka katika serikali yote ya Marekani, na mwaka 1981 aliyemfuata, Reagan, akaiondoa. Karatasi zikizidi uwezo wa msomaji, wakubwa hupitisha vifurushi bila kuvisoma, na unarudi kwenye bajeti ya nyongeza iliyovaa kanzu mpya.

Kuna na ujanja. Mkuu wa karakana akijua foleni itakatwa chini, anaweza kuliweka gari lake jipya juu na vipuri vya korona, mashine ya kuchambua singa, chini kabisa, akiwa na hakika kwamba hakuna mkurugenzi atakayethubutu kuisimamisha korona. Fedha zitatafutwa, na yeye atapata vyote viwili. Dalili yake haifichiki: tazama kifurushi cha mwisho katika orodha ya idara. Kikiwa ni kitu ambacho kiwanda hakiendi bila hicho, hiyo foleni imepangwa kisiasa na irudishwe kwa mwenyewe.

Turudi kwenye zile sehemu tatu za kampuni. Jani la mkonge hutoa singa takribani asilimia 4 ya uzito wake, hivyo tani moja ya singa inahitaji kama tani 25 za majani. Kampuni ikipanga kuuza tani 600, italazimika kukata na kusomba tani 15,000 za majani. Kumtaka meneja wa shamba aandike kifurushi cha kutetea kwa nini majani yasombwe ni kumchosha bure, kwa kuwa jibu limo katika mpango wa mauzo. Malipo ya wakataji, dizeli ya matrekta na umeme wa korona hufuata tani. Hizo zinafaa bajeti nyumbufu, inayopanda na kushuka na uzalishaji. Hata asilimia 5 juu ya mwaka jana haina maana hapo ikiwa tani zimebadilika.

Sifuri inafaa gharama ambazo uongozi unaamua wenyewe kiasi chake: ulinzi, mafunzo, magari ya ofisi, kantini, misaada kwa jirani. Hizo hazina kipimo kinachosema kiasi gani kinatosha, na ndizo zinazonenepa kimyakimya ndani ya kianzio. Huko Texas Instruments nako ilianzia kwenye idara za utafiti na za ofisini, si kwenye mitambo.

Ila kuna gharama moja ya hiari ambayo mimi nisingeipeleka kwenye foleni ya kila mwaka, nayo ni kitalu cha miche. Vikonyo vikilelewa kitaluni, mche ukapandwa shambani, inapita miaka miwili au mitatu kabla ya jani la kwanza kukatwa. Kifurushi cha kitalu, kikiwekwa kando ya kifurushi cha matairi ya lori, kitashindwa kila mwaka, maana kukikata hakuumizi mtu mwaka huu. Maumivu yanakuja mikonge ya zamani ikishatoa milingoti na kufa, wakati hakuna shamba changa la kuirithi. Kitalu kipewe fedha kwa mpango wa miaka mingi, kiasi chake kikipimwa kwa ekari zinazokaribia kuzeeka.

Kwa hiyo ushauri ningeuandika hivi. Shughuli zinazofuata tani zitumie bajeti nyumbufu. Ofisi na huduma zake zibaki kwenye bajeti ya nyongeza yenye kianzio kilichosafishwa, lakini kila mwaka theluthi moja ya idara hizo ipitishwe kwenye sifuri, ili kila idara iulizwe maswali magumu mara moja katika miaka mitatu na vifurushi visizidi vile ambavyo wakubwa wanaweza kuvisoma. Wapo watakaosema mzunguko huo unaipa idara miaka miwili ya kunenepa, na ni kweli. Ningekubali hasara hiyo kuliko mafuriko ya karatasi. Kwa ulinzi wa mfano wetu, kufuta malindo ya manamba mara moja kunaokoa milioni 10.8 kwa mwaka katika kila mwaka wa mzunguko, hata kama hakuna atakayeigusa idara hiyo tena mpaka mwaka wa nne.

Katika karatasi ya mtihani, maana ya njia mbili naipa aya fupi fupi. Nafasi kubwa naiacha kwa mfano mmoja wenye tarakimu, na ushauri nauandika kwa kutaja aina za gharama. Mwanafunzi mmoja aliniuliza kama alama zitakatwa akisema kampuni isitumie njia moja pekee. Nilimwambia asome tena maneno "mashamba, kiwanda na ofisi" katika swali.