Kata pembetatu kabla ya kugawanya

Wanaojiandikia wenyewe programu ya kuchora 3D, bila kutegemea maktaba, hukutana na kioja kimoja: kamera inasogea mbele, mara sakafu inarukia angani. Wengi huanza kukagua hesabu za mzunguko. Mimi ningeangalia kwanza pembetatu zinazopita nyuma ya kamera.

Ili kitu cha mbali kionekane kidogo, x na y hugawanywa kwa umbali wake mbele ya kamera, unaoitwa w. Chukua pembetatu ya sakafu iliyo kipimo 1 chini ya jicho, yaani y = -1. Ncha A na B ziko mbele, w = 4. Ncha C iko nyuma, w = -2. A inatua kwenye -0.25, chini kidogo ya katikati ya skrini, na hapo ndipo pake. C inatua kwenye -1 / -2 = 0.5, juu ya upeo wa macho! Hasi kwa hasi imezaa chanya, na baada ya kugawanya hakuna tena dalili kwamba ncha ile ilikuwa nyuma.

Kwa hiyo tunakata mapema, kwenye bapa la karibu, yaani bapa la kufikirika lililo mbele ya kamera kwa umbali n, tuseme n = 1:

```
t = (wA - n) / (wA - wC)
P = A + t * (C - A)
```

Hapa t = 3/6 = 0.5. Ncha mpya P ina y = -1 na w = 1, hivyo inatua kwenye -1, ambapo ni ukingo wa chini wa skrini kwa kamera inayoona nyuzi 90 kutoka juu hadi chini. Sakafu sasa inakuja hadi miguuni. Ukikata na upande wa BC, kinabaki kipande cha pembe nne, ambacho unakigawa kuwa pembetatu mbili. Rangi na mahali pa tekscha navyo vikatwe kwa t hiyohiyo, la sivyo vigae vitapinda.

Wapo wanaoitupa pembetatu nzima ncha yake moja ikiwa nyuma. Siafiki hata kidogo. Sakafu ya gemu huweza kuwa pembetatu mbili tu kubwa. Ukizitupa, mchezaji anasimama juu ya shimo. Pande za kushoto na kulia za skrini hazina shida hiyo: pembetatu zikizivuka, inatosha kutopaka pikseli zilizo nje.

Bapa la karibu lina gharama yake. Kamera ikibanwa ukutani, ukuta nao hukatwa na unaona chumba cha pili. Usikimbilie kuweka n = 0.001: usahihi wa kina, yaani wa namba zinazoamua kipi kiko mbele ya kipi, utajazana karibu na jicho, na kuta za mbali zilizokaribiana zitaanza kumeta zikigombania pikseli. Mzuie mchezaji asiufikie ukuta kwa karibu hivyo.