Kumfuta mpiga picha kwenye kioo si kazi ya brashi tu

Mi nina msimamo mmoja kuhusu picha za vyumba vyenye kioo kikubwa ukutani, na najua kuna watakaoniona mbishi: ukimwona mpiga picha ndani ya kioo usikimbilie kufuta, kwanza kapige picha ya ule ukuta anaoukinga. Wengi wanamzungushia tu mstari yule mtu, wanabonyeza Content-Aware Fill ya Photoshop, programu inaokota vipande vya jirani inaziba, kazi imeisha. Kwenye skrini ya simu inapita. Ifungue kwenye skrini kubwa sasa, unakuta ndani ya kioo kuna nusu pazia limeota katikati ya ukuta, au mlango una fremu upande mmoja tu, na wala siilaumu programu, itajuaje kilichokuwa nyuma ya mtu wakati hakimo popote kwenye hiyo faili?

Kama aliyeingia kwenye kioo ni mtu mwingine tu, labda alisimama mlangoni anachungulia, hiyo nyepesi. Kamera iko kwenye tripodi, mwambie atoke, piga nyingine bila kugusa chochote, halafu panga fremu mbili kama leya, moja juu ya nyingine, na umfiche kwa maski. Ngumu ni kamera yenyewe. Ukiweka taima ya sekunde 10 ukatoka mbio nje umejiondoa wewe, ila tripodi na lenzi bado zinakutazama.

Hapo ndo inabidi ujue kioo kinafanya nini. Tuseme kamera iko mita 1.5 mbele ya kioo, inakitazama moja kwa moja, na ukuta wa nyuma yako uko mita 2 kutoka kwenye kamera. Ule ukuta ukiutazama ndani ya kioo hauko mita 2, wala hauko 3.5, uko mita 5, sababu mwanga umetoka ukutani ukaenda mita 3.5 hadi kwenye kioo halafu ukarudi 1.5 hadi kwenye lenzi. Kwa hiyo ukigeuza tu kamera pale ulipo ukaupiga ule ukuta, utatoka mkubwa kupita kiasi, na usipougeuza kushoto kulia saa ya ukutani itakuwa inasomeka vizuri ndani ya kioo, kichekesho.

Mi navyofanya, nahamisha tripodi naipeleka mpaka kwenye kioo, lenzi ikipe kioo mgongo, urefu uleule kutoka sakafuni, na iwe mkabala kabisa na pale ilipokuwa mwanzo. Zumu ileile, mwanga wa kamera naupanga kwa mkono, hata rangi nazifunga zisijibadilishe zenyewe. Sasa lenzi iko mita 3.5 kutoka ukutani wakati kioo kinauonyesha kama uko mita 5, basi 3.5 gawanya kwa 5 ni 0.7. Kwenye kompyuta naigeuza hiyo picha kwa Flip Horizontal, naipunguza hadi asilimia 70, naiweka juu ya ile ya kwanza na kwa ukuta ulio bapa inakaa karibu sawasawa. Pima kutoka kwenye lenzi yenyewe lakini, si kwenye kioo, maana lenzi ikijitokeza sentimita 20 tu mbele ya kioo hesabu inakuwa 3.3 kwa 5, asilimia 66, na hiyo tofauti inaonekana.

Sasa mtego uko hapa. Hiyo asilimia 70 ni ya ukuta peke yake. Kama kuna kiti kimesimama mita 1 mbele ya ukuta, kutoka kwenye kioo ni mita 2.5, kwa njia ya kioo ni mita 4, kwa hiyo chenyewe kinataka asilimia 62.5. Ukikiacha kwenye 70 kitakuwa kinene kuliko kinavyotakiwa na mgongo wake utagoma kuungana na kipande cha kiti ambacho tripodi haikukikinga. Nakikata kiti nakiweka kwenye leya yake, au, kwa kusema ukweli, nakiondoa tu chumbani kabla ya kupiga picha ya kwanza, uvivu mwingine una akili. Sakafu ndo balaa zaidi maana kila hatua ya sakafu ina kipimo chake, hapo sibandiki, nachukua sakafu ya jirani iliyomo ndani ya kioo chenyewe nainyoosha kufuata mistari ya vigae. Na chukua kipande kidogo iwezekanavyo, kile kilichofichwa na tripodi tu, taswira halisi inayobaki pembeni ndo itakusaidia kulinganisha.

Kuna kitu kimoja watu wanakifuta bila kujua thamani yake. Pale lenzi inapojiona kwenye kioo ndipo mistari yote inayokwenda kwenye kioo kwa pembe mraba inapokutana, iwe mistari ya vigae vya chumba halisi au vya ndani ya kioo. Hata kamera ikiwa imekaa upande. Kwa hiyo kabla sijafuta naweka nukta kwenye lenzi, kwenye leya ya peke yake. Nikimaliza kuziba navuta mistari kutoka kwenye viungo vya vigae, kwenye pembe za dari, kisha naunganisha ncha ya chombo cha maua na ncha ya taswira yake, na kila mstari lazima upite kwenye ile nukta. Ukikuta mmoja umepita pembeni, basi kilichobandikwa ni uongo, hata kama macho yako yameridhika.

Rangi nayo isisahaulike. Kioo cha kawaida kina madini ya chuma ndani yake, kinakula mwanga kidogo na kuacha ukijani kwa mbali, sasa picha uliyoupiga ukuta moja kwa moja itang'aa zaidi na itakuwa safi mno. Natia giza kidogo na ukijani kidogo hadi mpaka kati ya kipande na taswira halisi upotee. Na kama ulifokasi kwenye fremu ya kioo pale mita 1.5, ukuta wa mita 5 huenda ulitoka na ukungu, kipande chako kikiwa kikali kuliko vilivyo jirani yake mtu ataona kuna kitu hakiko sawa hata asipojua ni nini.

Najua utasema si bora usimame upande tu, na ni kweli, ukisogea mpaka ile sehemu iliyo mkabala na lenzi iangukie nje ya kioo, lenzi haitajiona kamwe, hiyo ni bora kuliko uhariri wowote. Ila chumba chembamba hakikupi hiyo nafasi, na mteja mwingine anataka kitanda na kioo vinyooke mbele.

Ninachokataa kabisa ni kuziba kwa kubuni kwenye picha ya nyumba inayouzwa au kupangishwa. Kioo kinaonyesha upande wa chumba ambao mnunuzi hauoni kwingine kwenye ile picha, ukibuni ukuta safi pale palipo na mlango wa bafu umemdanganya mtu kuhusu chumba. Kama picha ya ukuta haikupigwa na huwezi kurudi, mi naacha tripodi ionekane, haijamuumiza mtu. Na ukishamaliza kioo pitia birika, bomba la sinki na televisheni iliyozimwa, mara nyingi bado umo humo umesimama mdogo na kamera yako.