Sifuri na seli tupu: nani anaumia kwenye ripoti ya muhula?

Tuchukue mwanafunzi wa kidato cha tatu anayevuka feri kila asubuhi kutoka Likoni kuja shule ya kisiwani. Amefanya masomo sita kati ya saba na kupata 68, 61, 54, 57, 63 na 57, jumla 360. Siku ya Kemia alikuwa mgonjwa. Alama zake ziko kwenye Excel, seli B2 hadi H2, na wastani unatafutwa hivi:

```
=AVERAGE(B2:H2)
```

Seli ya Kemia ikiachwa tupu, Excel hugawanya 360 kwa 6 na kutoa 60. Mwalimu akiandika 0, hugawanya jumla ileile kwa 7 na kutoa 51.43. Kilichobadilika ni kigawanyo peke yake, kwa sababu AVERAGE huhesabu seli zenye namba, na sifuri ni namba kama nyingine.

Wanaotetea seli tupu wana hoja nzito. Sifuri husema kwamba mtoto alikaa mbele ya karatasi akakosa kila swali, na hilo halikutokea. Mzazi akiona 51 atadhani mwanawe ameporomoka, kumbe alikuwa amelazwa.

Lakini wanaotaka sifuri nao hawakurupuki. Tuseme huyu kijana hana mkono wa Kemia, na angekaa mtihani angepata 32. Jumla ingekuwa 392 na wastani 56. Kwa hiyo kukosa mtihani kumempandisha alama nne, na huenda akampita mwenzake aliyefanya masomo yote saba na kupata 58. Wanafunzi si wajinga. Wakigundua hilo, somo gumu litakuwa na wagonjwa wengi. Tena walimu nao wana maslahi yao. Darasa la watu 40, wakifanya 36 wakapata jumla ya 1,620, lina wastani wa 45. Ukigawanya kwa 40 unabaki na 40.5. Mwalimu anayepimwa kwa wastani wa somo ataipenda ile ya kwanza.

Kwa maoni yangu sifuri ndiyo mbaya zaidi, kwa kuwa inafuta habari: ikishaandikwa, hakuna wa kujua kama ni sifuri ya kukosa majibu au ya kutokuwepo. Hata fomula inayoruka sifuri, `=AVERAGEIF(B2:H2,"<>0")`, haiokoi kitu, maana itamruka pia aliyefanya na kupata sifuri ya haki. Ila seli tupu nayo ina doa lake. Haisemi kama mwanafunzi hakuwepo au mwalimu wa somo bado hajaleta alama.

Kuna mtego mwingine unaowapata hata waliokubaliana kuacha seli wazi. Shule nyingi huwa na laha moja kwa kila somo, kisha laha ya ripoti inavuta alama kwa `=Kemia!C2`. Seli ya huko ikiwa tupu, kiungo hicho huleta 0, wala hakileti utupu. Mbaya zaidi, laha ikiwa imewekwa isionyeshe sifuri, seli itaonekana tupu huku wastani ukiwa umeshashuka. Dawa yake ni hii:

```
=IF(Kemia!C2="","",Kemia!C2)
```

Fomula hiyo huacha maandishi yasiyo na herufi, na AVERAGE huyaruka. Lakini anayejumlisha kwa `=B2+C2` atapata #VALUE!, kwa hiyo atumie SUM.

Njia ninayoiona ya haki ni kuandika X kwa asiyekuwepo, kama KNEC inavyofanya, na kuiacha 0 kwa aliyefanya akakosa yote, au kwa adhabu ambayo shule imeiandika kwenye kanuni zake. AVERAGE huiruka X kwa kuwa ni herufi. Kisha ongeza safu mbili:

```
=COUNT(B2:H2)
=COUNTBLANK(B2:H2)
```

Ya kwanza hutaja masomo yaliyoingia kwenye wastani. Kwa kijana wetu itasoma 6. Ikisoma 7, kuna sifuri imejificha mahali. Ya pili huonyesha alama ambazo bado hazijaletwa, na ripoti isichapishwe kabla haijasoma 0 kwa kila mwanafunzi. Wastani wa 60 uandikwe pamoja na maneno “masomo 6 kati ya 7”.

Nafasi darasani ni suala jingine, na hapo wapenda sifuri nawaunga mkono nusu: asiyekamilisha masomo yote asipangwe na waliokamilisha. Apewe mtihani wa kufidia. Akishaufanya, alama ichukue mahali pa X naye aingie kwenye foleni. Asipoufanya, ripoti yake itoke bila nafasi.