Embe 100%, nekta na skwoshi: lebo inasema nini hasa

"Nina boksi mbili mezani, zote zina picha ya embe limekatwa, moja imeandikwa 100%, nyingine imeandikwa nekta 25% kwa herufi ndogo, alafu kuna chupa ya skwoshi ya watoto. Ipi ni juisi ya kweli na ipi ni maji ya sukari tu?"

Geuza boksi kwanza. Upande wa mbele ni tangazo, pale kuna picha, tone la maji linateleza kwenye embe, maneno kama "tunda halisi" au "ladha ya shambani", na hayo maneno hayana kipimo chochote. Unachotafuta ni jina la bidhaa lenyewe, maana huwa linaandikwa kadogo mahali pembeni au chini: ni juisi, ni nekta, au ni kinywaji chenye ladha ya tunda. Hayo ni madaraja matatu tofauti. Kwa kiwango cha kimataifa cha chakula kiitwacho Kodeksi, ambacho nchi nyingi zinakitumia kama msingi wa viwango vyao, juisi ni tunda lenyewe lililokamuliwa, nekta ni tunda limeongezwa maji na kwa kawaida sukari au asali, na kwa embe nekta inatakiwa iwe na tunda angalau 25%, kwa chungwa angalau 50%. Kikishaitwa kinywaji cha ladha ya tunda umeshatoka nje ya hizo familia mbili, tunda linaweza kuwa kidogo sana, saa nyingine ni ladha tu ya kiwandani.

Sasa hapa ndo wengi wanapotea njia. Mtu anasoma viambato kwenye ile boksi ya 100%, anakuta neno la kwanza ni maji, anapandisha presha, anasema tumeibiwa. Subiri kidogo. Viambato vinapangwa kwa uzito, kilicho kingi kinatangulia, na juisi nyingi za boksi zinatengenezwa kwa konsentreti, yaani tunda lilikamuliwa huko lilikotoka, likachemshwa kwenye mitambo maji yakatolewa, likasafirishwa likiwa zito, alafu kiwanda cha huku kinarudisha maji kwa kiasi kile kile kilichotolewa. Konsentreti ya chungwa mara nyingi inakuwa na briksi 65 hivi (briksi ni kipimo cha vitu vilivyoyeyuka kwenye juisi, na vingi ni sukari ya tunda), na juisi ya chungwa iliyorudishiwa maji inatakiwa ifike kama 11.2. Gawa 65 kwa 11.2 unapata karibu 5.8, maana yake kilo moja ya konsentreti inatoa kilo 5.8 za juisi, na kilo 4.8 humo ni maji. Lazima maji yatangulie kwenye orodha! Kwa hiyo "maji, konsentreti ya chungwa" na orodha ikaishia hapo, au ikaongezwa vitamini C tu, hiyo ni juisi. Ila "maji, sukari, rojo la embe, asidi E330, kizito E466, rangi, ladha", hapo sukari imelizidi tunda uzito, na hakuna picha ya mbele inayoweza kubadilisha hilo.

Hiyo E466 naitaja makusudi. Kuna watu wanapima juisi kwa uzito wake, wanatikisa boksi, wakimimina ikitoka nzito wanasema hii ndo yenyewe. E466 na E415 kazi yake ni hiyo hiyo, kufanya maji yawe mazito na kuzuia rojo lisizame chini. Uzito hauthibitishi kitu. Na "haina kihifadhi" nayo haithibitishi, kinywaji kilichopashwa moto mkali kikajazwa kwenye boksi safi lililofungwa kinakaa miezi bila kihifadhi hata kama tunda ni kidogo tu. Rangi ndo ushahidi mzuri zaidi, juisi yenyewe haina sababu ya kupakwa rangi, ukiona E102 au E110 kwenye "embe" unajua unjano umetoka wapi.

Turudi kwenye nekta yako ya 25% maana nadhani inatukanwa kupita kiasi. Embe halikamuliki kama chungwa, ukilisaga unapata rojo, na rojo tupu kwenye glasi linakunywika kama uji. Kiwanda kikiongeza maji kinafanya kile kile unachofanya jikoni na blenda. Ukiongeza maji utamu unapungua, kwa hiyo sukari inaingia. Mpaka hapo sioni uhuni. Uhuni naona pale neno nekta linapofichwa pembeni kwa herufi ndogo mno huku embe zima limejaa boksi, mtu analipia akijua ananunua embe.

Tupige hesabu, lita moja ya hiyo nekta. 25% ni kama robo lita ya rojo la embe. Embe kwa kiwango cha Kodeksi lina briksi 13.5, kwa hiyo robo lita inakuletea kama gramu 34 za sukari ya tunda. Nenda kwenye jedwali la lishe nyuma, tuseme limeandika sukari gramu 13 kwa kila mililita 100, basi lita nzima ina gramu 130. Toa 34, zinabaki 96 ambazo hazikutoka kwenye embe. Kijiko cha chai ni kama gramu 4, hivyo ni vijiko 24 vya sukari kwenye boksi moja. Ni makadirio, maembe yanatofautiana utamu, ila hesabu hii unaweza kuifanya kwa simu ukiwa dukani, na kwa boksi yoyote iliyoandika asilimia ya tunda pamoja na jedwali la lishe. Isiyoandika asilimia popote, hapo swali lako limeshajibiwa nusu.

Alafu fanya hesabu hiyo hiyo kwenye boksi ya 100%. Glasi ya mililita 250 ya embe tupu inakuwa na sukari karibu gramu 34. Ya nekta, glasi hiyo hiyo, gramu 32.5. Karibu zinalingana! Tofauti ni zilikotoka, kwenye 100% zote zimetoka kwenye embe na unapata mara nne ya vile vitu vingine vya embe, kwenye nekta kama gramu 24 ni sukari ya kumwagwa. Shirika la Afya Duniani kwenye mwongozo wake wa 2015 linaihesabu sukari iliyomo kwenye juisi pamoja na sukari ya kuongezwa, zote zinaingia kwenye kapu moja ambalo linatakiwa lisizidi 10% ya nishati ya siku, kama gramu 50 kwa mtu mzima. Kwa hiyo mwenye kisukari akiniambia ameacha nekta amehamia kwenye 100% "kwa ajili ya afya", namwambia pole bana, kwa sukari peke yake hujahama popote. Anayetaka tunda kwa pesa yake, huyo amehama kweli. Na "haijaongezwa sukari" inabidi uisome hivyo hivyo, haimaanishi haina sukari, na kwenye kinywaji cha bei rahisi angalia kama hakuna E951 au E955 zinazofanya kazi ya sukari.

Sasa skwoshi. Hii kwa kweli haidanganyi kwa jina, kila mtu anajua ni ya kuchanganya na maji, shida ni asilimia iliyoandikwa inahusu chupa na wewe unakunywa glasi. Tuseme chupa imeandika tunda 25% na maelekezo ni sehemu moja skwoshi kwa sehemu nne maji. Glasi ya mililita 250 inachukua mililita 50 za skwoshi, na 25% ya hizo ni mililita 12.5. Kijiko cha chakula ni mililita 15, kwa hiyo mtoto kapata chini ya kijiko kimoja cha tunda kwenye glasi nzima, 5%. Na hiyo ni chupa yenye 25%, zipo zilizoandika ladha tu. Hata jedwali la lishe hapa linachenga, angalia kama limeandikwa kwa skwoshi yenyewe au kwa iliyokwisha changanywa, maana namba zinapishana mara tano. Upande wa pili, kwa nyumba ya watu tisa na mgeni kaingia, chupa moja inatoa lita nyingi kwa bei ambayo hakuna juisi inayoifikia, na mama anayeweka kidogo anaweza kupunguza sukari kadri anavyotaka, kitu ambacho boksi halikuruhusu. Mimi skwoshi siigombi mradi isiitwe tunda.

Kuna mtego mmoja unanikera kuliko yote, na huu uko kwenye bidhaa ambazo ni 100% kweli kabisa. Mbele picha ya tunda la bei, ndani tufaha na zabibu. Kesi maarufu ni ya Marekani, kampuni ya Pom Wonderful iliishtaki Kokakola kwa kinywaji cha Minute Maid kilichoandikwa komamanga na bluberi kwa herufi kubwa, huku ndani komamanga ni 0.3%, bluberi 0.2%, na 99.4% ni tufaha na zabibu. Mahakama ya Juu ya huko mwaka 2014 ikaamua kwamba Pom wana haki ya kushtaki hata kama lebo imefuata kanuni za chakula. Mwaka 2016 kesi ikafika kwa baraza la wazee wa mahakama na Kokakola wakashinda, ikaonekana lebo haikupotosha. Utetezi wao una mantiki, chini ya jina kubwa palikuwa pameandikwa ni mchanganyiko wa juisi tano zenye ladha hiyo, anayesoma anaona. Mimi bado nipo na Pom kwenye hili, maana ukubwa wa herufi nao ni usemi. Lakini somo la vitendo ni lile lile, 100% inakwambia ni juisi, haikwambii ni juisi ya tunda gani, hilo liko kwenye viambato.

Nembo ya TBS au ya KEBS nayo isikuchanganye, inasema bidhaa imekidhi kiwango cha aina yake, kinywaji cha ladha kinaipata kihalali kabisa kama kinywaji cha ladha.

Na kama mtengenezaji ameandika uongo? Hapo macho yako hayatoshi, ni kazi ya maabara. Wanapima aina za kaboni, kwa sababu sukari ya miwa inabeba alama tofauti na ya embe au chungwa, hivyo ikimwagwa kwa siri inajulikana. Kwa nanasi kipimo hicho kinasumbua, maana nanasi linatengeneza sukari yake kwa njia inayoikaribia ya miwa.