Kabla ya kulaumu utamaduni, zihesabu "ndiyo" zilizo kwenye dodoso

Dodoso la haiba likitumiwa Uganda na majibu yasikae vizuri, maelezo huja haraka: sifa tano kuu ni za Wazungu, huku kwetu hazifai. Naikubali nusu ya hoja hiyo. Nusu nyingine nadhani ni uvivu, kwa sababu mara nyingi kosa huwa kwenye karatasi yenyewe, na laweza kuonekana kwa hesabu ya dakika tano.

Sifa zenyewe ni uchangamfu, utangamano na watu, uwajibikaji, wepesi wa kuingiwa na wasiwasi, na uwazi kwa mambo mapya. Zilitokana kwa sehemu kubwa na maneno ya Kiingereza. Mwaka 1936 wanasaikolojia Allport na Odbert walipekua kamusi ya Kiingereza wakatoa maneno karibu 18,000 yanayoeleza watu walivyo, na waliowafuata wakayachuja hadi yakajikusanya katika mafungu matano. Dodoso moja linalotumika sana lina kauli 44, na kila kauli hujibiwa kwa namba 1 hadi 5, kuanzia "sikubali kabisa" hadi "nakubali kabisa". Uwajibikaji una kauli 9. Tano zimenyooka, kama vile kufanya kazi kwa uangalifu, na nne ni za kinyume, kama vile kuwa mvivu. Za kinyume hugeuzwa kwa kutoa jibu kutoka 6, hivyo 4 huwa 2.

Sasa chukua watu wawili wa kubuni pale soko la Nakasero, Kampala. Mama muuza nyanya anajibu 5 kwenye kauli zote tano zilizonyooka. Akifika kwenye uvivu, uzembe na kukosa mpangilio, anajibu 4 kwa zote. Jirani yake muuza vitunguu anajibu 4 kwa zilizonyooka na 2 kwa za kinyume. Ukitumia dodoso fupi lenye kauli zilizonyooka tu, mama wa nyanya ana 5 na wa vitunguu ana 4. Ukitumia zote tisa, wa nyanya anapata 25 jumlisha 8, yaani 33, na ukigawa kwa 9 ni 3.67. Wa vitunguu anapata 36 gawa kwa 9, yaani 4. Wamebadilishana nafasi! Kama kuna mkopo au kazi inayotegemea alama hizo, anayeipata ameamuliwa na aliyepunguza kauli ili dodoso liwe fupi.

Kilichotokea ni kwamba mama wa nyanya amekubali kila kitu. Si mwongo, wala si mjinga. Mgeni mwenye fomu na kitambulisho shingoni amesimama mbele ya kibanda chake, wateja wanasubiri, na kumjibu mgeni "hapana" mara ishirini si adabu. "Ndiyo, ssebo" inamaliza mambo upesi na kwa amani.

Kumtambua ni rahisi. Usigeuze chochote kwanza. Chukua wastani wa kauli zilizonyooka na wastani wa zile za kinyume, kisha tafuta wastani wa hizo mbili. Kwake ni 5 na 4, yaani 4.5. Kwa anayejibu kwa uwiano hutoka karibu na 3, kama ilivyo kwa wa vitunguu. Ile 1.5 iliyozidi ndiyo mazoea yake ya kukubali. Itoe kwenye kila jibu: 5 inakuwa 3.5, na 4 inakuwa 2.5, ambayo ikigeuzwa nayo ni 3.5. Alama yake iliyosahihishwa ni 3.5. Katika kazi halisi usitumie sifa moja. Oanisha kauli zinazopingana kutoka sifa zote, maana jozi chache hubeba pia tofauti ya kweli ya mtu.

Ukiacha bila kusahihisha, data nzima huharibika. Kauli zilizonyooka za uchangamfu hushikamana na zilizonyooka za uwajibikaji kwa sababu tu watu walizikubali zote, na za kinyume hujitenga zikafanya fungu lao. Mchambuzi huona mafungu mawili ya ajabu akaandika kwamba Waganda hawana sifa tano. Kabla hajaandika, aangalie uhusiano wa kauli ya uvivu na ya uangalifu zikiwa hazijageuzwa. Unatakiwa uwe hasi. Ukiwa sifuri au chanya, asiendelee.

Ushahidi mkubwa wa jambo hili ulitoka mwaka 2019. Laajaj na wenzake walichambua majibu ya watu 94,751 wa nchi 23 za kipato cha chini na cha kati, waliohojiwa ana kwa ana. Sifa tano hazikujitokeza vizuri. Lakini watu waliojaza wenyewe mtandaoni, kutoka nchi hizo hizo, walitoa picha safi zaidi. Ni kweli wa mtandaoni walijichagua wenyewe na si mfano wa nchi zao, ila utamaduni peke yake hauwezi kueleza pengo hilo.

Hata hivyo, usahihishaji haumalizi kila kitu. Watsimane wa Bolivia, watu 632 katika utafiti wa Gurven na wenzake wa 2013, walitoa mafungu mawili: moja la wema kwa wenzao na jingine la bidii ya kazi. Watafiti walijaribu pia kwa waliosoma na kwa kuwauliza wenzi wa ndoa, na sifa tano bado hazikutokea. Hapo nakubali kwamba tatizo si karatasi tu.

Na kwetu kuna neno moja linalonipa shida kuliko mengine: mpole. Mtafsiri akitaka neno la mtu asiye msemaji, ataandika mpole. Akitaka la mtu mwenye huruma, ataandika mpole tena. Muulize mtu wa Kampala au Mombasa, atakuambia mpole ni mkimya, ni mtulivu, hakasiriki, hana makuu. Neno hilo limekaa kwenye sifa tatu kwa mpigo, na kwa mzungumzaji hakuna mkanganyiko wowote, kwani mtu wa namna hiyo yupo na anajulikana. Kutafsiri kwenda na kurudi hakulikamati kosa hili, maana "mpole" hurudi kuwa neno la Kiingereza linalokubalika kila mara. Obuntubulamu ya Kiganda ni hivyo hivyo: inabeba heshima, utu, kujizuia na kutimiza wajibu, na hakuna fungu moja kati ya yale matano linaloimeza yote.

Watafiti wa Afrika Kusini walianzia upande mwingine. Walihoji watu 1,216 katika lugha zote 11 zilizokuwa rasmi wakati huo, wakawaomba wawaeleze watu wanaowafahamu, na ndipo wakaunda kauli. Mahusiano na watu yalijitokeza kwa upana usiotoshea kwenye utangamano wa Kiingereza. Hiyo ndiyo njia ambayo ningependa Uganda ifuate, kwa Kiswahili, Kiganda na Kiacholi kila kimoja kivyake. Kwa anayelazimika kutumia dodoso lililopo wiki ijayo, abakize kauli za kinyume, aepuke "si" na "ha-" ndani yake, kwa kuwa "sikubali kwamba mimi si mvivu" humchanganya hata mhoji, na aulize kwa hatua mbili: kwanza kweli au si kweli, kisha sana au kidogo. Na mtu akisema ni mpole, mhoji amuulize: mpole wa kunyamaza, au mpole wa moyo?