Selimundu na miaka 18: kuhama kwa tarehe au kuhama kwa utayari?

Kliniki nyingi za watoto huweka mpaka kwenye siku ya kutimiza miaka 18. Kijana aliyelelewa na daktari yuleyule tangu uchangani anapewa barua ya rufaa, anaagwa vizuri, na kuanzia hapo ni mgonjwa wa kliniki ya watu wazima. Kwa mwenye selimundu, miaka michache baada ya hapo ni ya hatari. Kulazwa kwa dharura huongezeka, na katika baadhi ya tafiti vifo navyo. Ndiyo maana wapo wanaodai mpaka wa umri ufutwe na kijana ahamishwe atakapokuwa tayari. Hoja yao ina uzito, lakini nadhani inashika ncha isiyo yenyewe ya tatizo.

Mchukulie kijana wa miaka 17 mwenye selimundu aina ya SS. Ana kilo 50 na anakunywa hidroksiurea miligramu 1,000 kwa siku, yaani kapsuli mbili za miligramu 500. Dawa imemsaidia sana: mwaka mzima hajalazwa. Mama yake ndiye anayekumbuka tarehe za kliniki na kufuata dawa, na akiulizwa swali na daktari ni yeye anayejibu. Siku ya kliniki ya mwisho kijana anapewa dawa ya miezi miwili. Miadi ya kwanza upande wa watu wazima iko baada ya miezi minne.

Hapo hakuna aliyekosea kwa makusudi, ila miezi miwili haina mwenyewe. Daktari wa watoto hawezi tena kumwandikia dawa kwa sababu faili limefungwa, na daktari mpya hajamwona. Hidroksiurea hufanya kazi ikinywewa mfululizo. Ikikatika, uwezo wake wa kumkinga mgonjwa hupungua taratibu katika wiki zinazofuata na maumivu hurudi. Kijana anafika chumba cha dharura cha watu wazima, ambako hajulikani. Anaomba morfini kwa jina na kwa kipimo kwa sababu ndicho alichozoea kupewa, na muuguzi wa zamu anaanza kumshuku kuwa mraibu. Anasubiri saa kadhaa. Ikifika tarehe ya miadi haendi, kwa kuwa ameshajifunza jinsi watu wa huko wanavyompokea. Kwenye daftari la kliniki inaandikwa "hakufika", na mambo yanaishia hapo.

Wanaotetea utayari wanasema kijana huyu alihamishwa kabla ya wakati. Uwezo wa kupanga na kujisimamia huendelea kukomaa hadi miaka ya ishirini na kitu, na miaka 18 huangukia palepale mtu anapomaliza shule, anapohama nyumbani au kuanza kazi. Kwa nini tumwongezee na hili? Wanapendekeza orodha ya kupima utayari: anajua jina la dawa zake, anaweza kupanga miadi mwenyewe, anatambua dalili za hatari. Akifaulu, ahame.

Ninachohofia ni yule ambaye hatafaulu kamwe. Selimundu husababisha viharusi vya kimya, majeraha madogo ya ubongo yasiyoonyesha udhaifu wa mkono wala mguu, ambayo huonekana kwenye kipimo cha picha ya emarai tu. Takriban theluthi moja ya watoto wenye aina ya SS huwa nayo kabla ya utu uzima. Dalili yake mara nyingi ni kusahau na kushindwa kupanga mambo, yaani yaleyale yanayopimwa na orodha ya utayari. Kijana wa namna hii akisubirishwa mpaka afaulu, ataonekana mzembe kumbe ni mgonjwa, na atabaki kliniki ya watoto hadi siku atakapoondolewa kwa kukosa nafasi, bila maandalizi yoyote.

Watetezi wa tarehe maalumu nao wana sababu ambazo si za kiofisi tu. Kadiri miaka inavyokwenda selimundu hushambulia figo, macho, mapafu na nyonga, na kwa msichana huja suala la ujauzito. Haya yanahitaji uzoefu wa daktari wa watu wazima. Isitoshe, akishafika miaka 18, katika nchi nyingi uamuzi wa tiba ni wake kisheria, na mama hawezi tena kumsainia kwa kuwa mama tu. Tarehe inayojulikana huwalazimisha watu kujiandaa, ilhali utayari usio na tarehe huahirishwa kila kliniki, hasa pale familia na daktari wanapopendana.

Kwa hiyo mimi ningeiacha tarehe ilivyo, na kulegeza tu kwa aliye katikati ya ujauzito, aliyetoka kulazwa juzi au aliyebadilishiwa dawa karibuni. Ninachotaka kibadilike ni siku ya kufunga faili. Kliniki ya watoto iendelee kuwajibika, ikiwemo kuandika dawa, hadi kijana awe ameonwa mara mbili upande wa pili. Mara moja haitoshi, maana wengi huenda mara ya kwanza kwa heshima kisha hawarudi. Mwongozo wa taasisi ya NICE ya Uingereza wa mwaka 2016 unataka maandalizi yaanze kijana akiwa na miaka 13 au 14, na awepo mtu mmoja anayejulikana kwa jina atakayemshika mkono kwa angalau miezi sita kabla na miezi sita baada ya kuhama. Mimi ningeongeza kwamba huyo akiona "hakufika" apige simu siku hiyohiyo.

Kitu cha pili ni karatasi moja ambayo kijana anatembea nayo, na nakala yake iko dharura. Iandikwe dawa na vipimo vyake, na mpango wa maumivu: dawa gani, kiasi gani, na kwamba dozi ya kwanza itolewe ndani ya dakika 30 tangu afike. Iandikwe hemoglobini yake ya kawaida. Mwenye 7.5 siku zote akikutwa na 7.4 hana haja ya kuongezewa damu kwa sababu ya namba hiyo peke yake, lakini daktari asiyemjua anaweza kushtuka na kumwongezea. Na kama mwili wake uliwahi kutengeneza kingamwili dhidi ya damu ya kuongezewa, hilo liandikwe kwa herufi kubwa. Kingamwili hizo hufifia hadi maabara isizione, kisha huamka akiongezewa tena damu isiyomfaa, na huweza kumuua. Habari hiyo ikibaki kwenye faili la zamani, hakuna kipimo cha siku hiyo kitakachoirudisha.

Pingamizi la haki dhidi ya mpango huu ni mzigo. Kliniki ya watoto iliyojaa inaombwa kubeba vijana kwa miezi zaidi huku watoto wachanga wapya wakiingia. Ni kweli, na pasipo na wafanyakazi wa kutosha ningeanza na kilicho rahisi zaidi: dawa ya mwisho isitolewe kwa muda mfupi kuliko umbali wa miadi ya kwanza, pamoja na kipimo cha damu katikati, kwa kuwa hidroksiurea inaweza kushusha chembe za damu.

Kwa yule mwenye viharusi vya kimya, mazungumzo yafanyike kabla ya siku ya kuzaliwa. Aulizwe peke yake, mama akiwa nje, kama anataka mama aendelee kuingia naye na kupigiwa simu akikosa miadi. Akikubali, idhini yake iandikwe na iende pamoja na rufaa, ili kliniki mpya isimwambie mama kwamba hahusiki tena.