Pengo kwenye sivii: mhoji wa ufundi anataka kujua nini hasa

Nimekaa upande wa anayeuliza maswali hapa Nairobi kwa miaka kadhaa, na msimamo wangu ni huu: mtu wa ufundi akikuuliza "Ulikuwa wapi 2023?", hangoji umwombe radhi. Anataka kujua ujuzi wako ulisimama mwaka gani, na tangu hapo umeusogeza au la. Wengi hulijibu kama swali la tabia. Wataeleza soko lilivyokuwa gumu, waeleze walivyotendewa, wamalizie kwa kusema wako tayari kujifunza. Dakika tano zimeisha na mhoji hajapata hata neno moja la kuandika kwenye fomu yake.

Sababu yenyewe ipe sentensi mbili. "Novemba 2022 kampuni ilipunguza wafanyakazi, timu yetu ya malipo ikavunjwa. Nimekuwa nikitafuta kazi tangu hapo." Inatosha. Mhoji anaukumbuka mwezi huo. Ndio ambao Meta ilitangaza kuondoa watu zaidi ya 11,000, kwa hiyo hahitaji kushawishiwa kwamba msanidi programu hodari anaweza kujikuta nyumbani. Kama ulikuwa unamuuguza mzazi, sema hivyo, kisha useme sasa unaweza kufanya kazi muda wote. Jina la ugonjwa halimhusu.

Usichezee tarehe. Hapa Kenya, kifungu cha 51 cha Sheria ya Ajira ya 2007 kinamtaka mwajiri akupe cheti cha utumishi, nacho huonyesha siku uliyoanza na siku uliyoacha. Ukirefusha kazi ya zamani kwa miezi minane ili kuziba pengo, karatasi hiyo moja itakuumbua. Vilevile wale wanaojaza mwaka mzima kwa maneno "mshauri wa kujitegemea": mhoji atauliza mteja alikuwa nani na mfumo ulikwama wapi, na asiyekuwa na mteja huishiwa na maneno hapo hapo.

Baada ya zile sentensi mbili, ni wewe unayepaswa kuyapeleka mazungumzo kwenye kazi. Chukua mtu anayeandika Java, aliyepoteza kazi mwezi huo wa Novemba 2022 na anafanyiwa mahojiano katikati ya 2024. Aliacha kampuni ikiwa kwenye toleo la 2.7 la Spring Boot, kiunzi cha kujengea programu za Java. Mwezi uleule Spring Boot 3.0 ikatoka, ikitaka angalau Java 17. Novemba mwaka uliofuata msaada wa bure wa 2.7 ukafika mwisho. Mimi kama mhoji najua kwamba mabadiliko makubwa yalikuja akiwa nje, na hilo ndilo pengo linalonihangaisha. Miezi aliyokaa bila mshahara hainisumbui.

Sasa fikiria amejibu hivi: "Nilipoacha tulikuwa 2.7. Nilichukua mradi wangu mdogo wa kupokea malipo ya M-Pesa, nikauhamisha hadi 3.2." Hapo nakaa vizuri kitini. Nitamwuliza alianzia wapi, naye atataja lile ambalo kila mtu hukutana nalo kwanza:

```java
import javax.persistence.Entity;    // 2.7
import jakarta.persistence.Entity;  // 3.x
```

Hilo hata aliyesoma tu mtandaoni analijua. Aliyefanya kazi kwa mikono yake ataongeza kwamba alibadilisha kila `javax` kuwa `jakarta` kwa mkupuo, programu ikakataa kujengwa, kwa sababu `javax.sql.DataSource` ni ya Java yenyewe na haikuhama. Pia atasema darasa la `WebSecurityConfigurerAdapter` lilikuwa limeondolewa, ikabidi aandike upya mpangilio wa usalama. Mambo hayo huonekana mapema, maana kikusanyaji hulalamika.

Kinachonivutia zaidi ni kile kisicholalamikiwa na mtu. Kuanzia Spring 6, ambayo ndiyo iliyo chini ya Spring Boot 3, anwani yenye mkwaju mwishoni haihesabiwi tena kuwa sawa na isiyo nao, isipokuwa uombe. Mradi wake ulikuwa na `@PostMapping("/malipo")`, lakini `CallBackURL`, yaani anwani ya kupokelea majibu, aliyokuwa akiituma kwa Daraja, mfumo wa Safaricom wa kuunganisha programu na M-Pesa, kila anapoomba malipo iliishia na `/malipo/`. Kwenye 2.7 ilikubali. Kwenye 3.2 programu ilijengwa bila kosa na ikawaka vizuri. Mteja akaweka namba ya siri, pesa zikatoka kwenye simu yake, ila oda ikabaki "haijalipwa". Alipofungua kumbukumbu za seva akakuta ombi la Safaricom limejibiwa 404. Akaondoa mkwaju kwenye anwani, kisha akaandika jaribio linalopiga anwani ileile inayosomwa kutoka kwenye mipangilio, badala ya ile aliyoikariri kichwani.

Mtu aliyenieleza hivyo sina haja ya kumwuliza tena kuhusu 2023. Na angalia ukubwa wa kazi yenyewe: mradi mdogo wa namna hiyo unaweza kuhamishwa kwa siku chache. Kwa hiyo hata aliyekaa mwaka mzima bila kugusa kompyuta ana njia ya kweli ya kujibu: "Mwaka ule sikuandika programu kabisa. Mwezi uliopita nilirudi, nikafanya hivi." Mimi jibu hilo naliamini kuliko orodha ya kozi za mtandaoni, maana cheti cha kozi hakinionyeshi mtu alifanya nini siku malipo yalipopotea.

Liko swali la pili ambalo wahoji huliuliza kwa kuzunguka: kama unajua kazi, mbona hukuchukuliwa muda wote huo? "Soko ni gumu" ni kweli, lakini halimsaidii. Mweleze ulikuwa unafika wapi. "Mwanzoni nilikuwa naanguka kwenye kusanifu mifumo. Niliulizwa nitafanyaje taarifa ya malipo ikija mara mbili, nikababaika. Sasa naweka sharti la upekee kwenye `CheckoutRequestID` katika hifadhidata, ya pili ikija inakataliwa na oda haiguswi tena. Baadaye nilifika hatua ya mwisho, nafasi ikafutwa." Hapo anaona msako uliokuwa unasogea. Ila usiwaseme vibaya waliokukataa. Nairobi ya teknolojia ni ndogo, na huenda mmoja wao alikuwa akikaa meza moja na huyo anayekuhoji.

Nikiri mpaka wa haya yote. Hayakusaidii kama sivii yako inachujwa na mtu wa rasilimali watu asiyejua tofauti ya 2.7 na 3. Kwa huyo, andika mstari mmoja kwenye sivii penye pengo lenyewe, wenye miaka, sababu kwa maneno machache, na ulichohamisha au kujenga. Akiruka, ameruka.

Ukishamaliza kueleza, rudisha swali: "Nyinyi mko toleo gani?" Mara nyingi kuliko unavyodhani, mhoji atacheka kidogo na kukiri kwamba huduma mbili tatu bado ziko 2.7 na hakuna aliyepata muda wa kuzihamisha. Mwulize ni zipi, na kama zinapokea maombi kutoka nje.